Kinachojificha Nyuma ya Moyo

Picha ya eksirei ya kifua ina eneo moja linalowasumbua hata madaktari wazoefu, nalo ni lile la nyuma ya moyo. Kipande cha pafu la kushoto kimekaa pale, na miale inayokwenda kukipiga picha inalazimika kupenya moyo kwanza. Inayofika upande wa pili ni michache, kwa hiyo eneo zima hutoka jeupe. Uvimbe mdogo ukiwa umeota mle, tofauti yake na nyama inayouzunguka yaweza kuwa ndogo mno kwa macho, ingawa kwenye kumbukumbu ya kompyuta imeandikwa.

Kwa kompyuta, picha hiyo ni jedwali la namba. Kila nukta, yaani pikseli, ina namba yake, kwa kawaida kuanzia 0 ambayo ni nyeusi tii hadi 255 ambayo ni nyeupe pe. Ukihesabu ni pikseli ngapi zina namba 0, ngapi zina 1, hadi mwisho, kisha ukachora kila hesabu kama nguzo, umepata histogramu. Nguzo zikisongamana mahali pamoja, maana yake pikseli nyingi zina rangi zinazokaribiana, na jicho halizitenganishi. Njia ya zamani ya kutatua hilo ni kusawazisha histogramu: namba zilizosongamana zinatanuliwa ziachane, na zile zisizo na watu zinabanwa.

Shida ni kwamba hesabu hiyo hufanywa kwa picha nzima mara moja, na katika picha ya kifua wengi ndio wanaoamua. Hewa nyeusi iliyouzunguka mwili na mapafu yenyewe yana pikseli tele. Kanuni inatoka ikiwafaa wao, na kile kipande cha nyuma ya moyo kinabaki karibu kama kilivyokuwa.

Ndipo lilipokuja wazo la kusawazisha kwa kufuata mahali. Mwaka 1987 Stephen Pizer na wenzake, wengi wao wa Chuo Kikuu cha North Carolina pale Chapel Hill, walichapisha makala iliyoieleza njia hii kwa kina pamoja na aina zake. Picha inagawanywa vigae, kila kigae kinapata histogramu yake na kanuni yake. Ili mipaka ya vigae isionekane, namba mpya ya kila pikseli hupatikana kwa kuchanganya kanuni za vigae vya jirani, na kigae ambacho kitovu chake kiko karibu zaidi hupewa uzito mkubwa zaidi.

Tufanye hesabu yenyewe, kwa namba nilizozichagua ziwe nyepesi. Picha ina pikseli 512 kwa 512, nasi tumeigawa vigae 8 kwa 8. Kila kigae kina pikseli 64 kwa 64, jumla 4,096. Kigae kilichoangukia nyuma ya moyo kina namba kuanzia 200 hadi 215 tu, yaani ngazi 16, na tuseme kila ngazi imepata pikseli 256. Njia yetu inazichukua ngazi hizo 16 na kuzitandaza kwenye nafasi yote ya 0 hadi 255, kwa hiyo hatua moja ya zamani inakuwa hatua 16 mpya. Uvimbe uliotofautiana na jirani zake kwa ngazi 2 sasa unatofautiana kwa 32. Unaonekana waziwazi.

Laiti mambo yangeishia hapo. Picha ya eksirei haitoki laini hata kama mashine ni mpya, kwa sababu miale hufika kama fotoni mojamoja, bila mpangilio. Mahali palipotarajiwa kupokea fotoni 10,000, idadi hupanda na kushuka kwa kama 100, ambayo ni asilimia 1. Palipotarajiwa fotoni 100, hupanda na kushuka kwa kama 10, nayo ni asilimia 10. Kwa hiyo chenga huzidi palepale zilikofika fotoni chache, na nyuma ya moyo ni mahali pa namna hiyo. Chenga za ngazi 1 juu au chini, ambazo hakuna aliyekuwa akiziona, sasa zinakuwa ngazi 16 juu au chini. Kanuni haijui ipi ni chenga na ipi ni uvimbe. Imevikuza vyote mara 16, na uwiano kati yao umebaki uleule uliokuwapo kabla.

Dawa iliyozoeleka ni kuweka kikomo. Mwaka 1994 Karel Zuiderveld alichapisha programu ya namna hii, inayojulikana kwa herufi CLAHE, na ndiyo watu wengi wanayotumia hadi leo. Kabla ya kutengeneza kanuni, kila nguzo ya histogramu iliyozidi urefu fulani hukatwa kichwa, na vilivyokatwa vinagawiwa sawasawa kwa ngazi zote 256. Katika kigae chetu, wastani wa nguzo ni pikseli 16. Tukiweka kikomo cha mara 2 ya wastani, hakuna nguzo itakayovuka 32. Zile 16 zenye 256 kila moja zinakatwa 224, jumla 3,584, na mgawo wa kila ngazi ni 14. Kila nguzo yetu inaishia na 46. Ukuzaji unashuka kutoka mara 16 hadi karibu mara 3: uvimbe unapata tofauti ya kama 6, na chenga kama 3 juu au chini. Si ushindi mkubwa, lakini naona ni afadhali hiyo kuliko uwanja wa mchanga ambao kila doa linafanana na ugonjwa.

Kikomo hicho basi ni uamuzi wa mtu, na ni rahisi kukisahau. Katika OpenCV, maktaba ya programu inayotumika sana, usipoandika chochote `clipLimit` inakuwa 40. Kwa kigae chetu hiyo ni pikseli 640 kwa nguzo, na nguzo zetu zina 256 tu. Hakuna kitakachokatwa, na chenga zote zitarudi.

Namna ya kugundua kwamba umezidisha si ngumu. Tazama kwanza pembeni, kwenye hewa nje ya mwili, ambako hakuna cha kuonekana. Pakianza kuwa na punjepunje, ujue na ndani ya kifua zimo. Kisha tazama ukubwa: chenga hubadilika pikseli kwa pikseli, wakati uvimbe wa kweli huchukua pikseli nyingi zinazoelekea upande mmoja, na katika picha iliyopigwa kwa ubavu nao huweza kuonekana. Ukikuta miraba midogo ya pikseli 8 kwa 8 imejipanga kama sakafu, chanzo si mgonjwa. Ni mbano wa JPEG, na hutokea sana picha ikipigwa kwa simu na kutumwa kwa WhatsApp kabla ya kusafishwa.

Jambo jingine ambalo msomaji wa picha hizi hana budi kulikumbuka: kila kigae kimepewa kanuni yake, kwa hiyo kijivu cha hapa na kijivu cha pale havimaanishi tena uzito uleule wa nyama. Picha ya asili lazima iwe pembeni, wazi, wakati wa kulinganisha. Na kama kwenye hiyo ya asili eneo la nyuma ya moyo lina 255 kila pikseli, hakuna tofauti yoyote ya kukuzwa mle. Hapo ni kurudia kupiga picha, safari hii kwa miale inayopenya zaidi.