Kichwa Kinagonga, Dawa Iko Kazini

Katika viwanda vya baruti vya Ulaya na Marekani, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, Jumatatu ilikuwa siku ya mateso. Wafanyakazi waliokuwa wamepumzika mwishoni mwa wiki waliingia kazini wakiwa wazima, wakashika nitrogliserini na kuvuta hewa yake, na haukupita muda vichwa vikaanza kuwagonga. Jumanne walipata nafuu. Katikati ya wiki wengi walikuwa wamezoea, hawasikii kitu. Wakapumzika tena, na Jumatatu iliyofuata mateso yakaanza upya. Baadhi yao wakabuni njia: walipaka nitrogliserini kidogo kwenye utepe wa ndani wa kofia zao na kurudi nayo nyumbani, ili mwili usipate nafasi ya kuisahau.

Nitrogliserini hiyohiyo ndiyo iliyomo katika kidonge kidogo ambacho mgonjwa wa moyo huambiwa akiweke chini ya ulimi kifua kinapombana.

Kwamba inaumiza kichwa lilijulikana kabla mtu yeyote hajafikiria kuifanya dawa. Ascanio Sobrero, mkemia wa Turin aliyeitengeneza kwa mara ya kwanza mwaka 1847, alionja kiasi kidogo sana kwa ulimi na kuonya kuwa kinaleta maumivu makali ya kichwa. Daktari William Murrell wa London naye alijijaribia mwenyewe, kichwa kikampwita, kisha mwaka 1879 akaandika jinsi ilivyowasaidia wagonjwa wenye maumivu ya kifua yatokanayo na moyo. Alfred Nobel, aliyetajirika kwa kuigeuza kuwa baruti, aliandikiwa na madaktari wake mwaka 1896, wiki chache kabla ya kufariki. Mwenyewe aliiona kuwa ni kejeli ya majaliwa.

Kinachotokea mwilini ni hiki. Dawa za jamii ya nitrati, yaani nitrogliserini na ndugu zake isosobidi dinitrati na isosobidi mononitrati, huzalisha gesi iitwayo oksidi ya nitriki ndani ya kuta za mishipa ya damu. Gesi hiyo hulegeza misuli ya kuta hizo, mishipa inatanuka, damu inayorudi moyoni kwa wakati mmoja inapungua, na moyo unapumua. Kwa kueleza kazi ya gesi hiyo katika mishipa, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998.

Tatizo ni kwamba dawa ikishaingia kwenye damu haina njia ya kuchagua mishipa ya moyo na kuiacha mingine. Ubongo wenyewe hausikii maumivu, lakini utando unaoufunika una mishipa ya damu iliyozungukwa na neva zinazosikia sana. Mishipa hiyo nayo inatanuka, na neva zinachokozwa, kwa sehemu na gesi yenyewe. Kichwa kinauma pande zote mbili, kwa mapigo, mara nyingi huku uso ukipata joto, na mgonjwa akiinama maumivu yanazidi. Kwa hiyo kichwa hicho, pamoja na kero zake zote, ni ishara kwamba kidonge kimefika na kinafanya kazi.

Kwa kidonge cha chini ya ulimi mambo huenda haraka. Mgonjwa anaketi kwanza, kwa sababu presha inaweza kushuka ghafla akaanguka. Ndani ya dakika chache kifua kinaachia, na kichwa kinaweza kuanza katika dakika hizohizo, kisha kikatulia chenyewe. Kifua kikishaachia, mabaki ya kidonge yanaweza kutemwa, na hapo kichwa nacho kinapata unafuu. Wachache wanajua hili, ingawa lingewaokoa wengi na dakika kadhaa za adha. Watu wenye kipandauso wana bahati mbaya zaidi: kichwa cha kwanza kikiisha, saa kadhaa baadaye wanaweza kupata kingine kinachofanana kabisa na kipandauso chao cha siku zote.

Vidonge vya kumeza kila siku vina hadithi tofauti kidogo, na hapo ndipo watu wa viwandani wanaporudi na mafunzo yao. Siku za mwanzo kichwa kinasumbua. Baada ya siku kadhaa, au wiki moja hadi mbili, kwa wengi kinaisha. Ndiyo maana daktari huanza na dozi ndogo, akapandisha polepole, na kumruhusu mgonjwa parasetamoli katika siku hizo ngumu. Lakini mwili unaozoea kichwa unaweza pia kuizoea dawa yenyewe, ikaacha kuusaidia moyo. Kuzuia hilo, mwili hupewa kipindi cha kupumzika kila siku. Mononitrati ya kawaida, kwa mfano, humezwa mara mbili kwa kupishana saa 7 tu, tuseme saa 2 asubuhi na saa 9 alasiri, kisha usiku mzima hakuna kitu. Mgonjwa anayeona ratiba hiyo ni ya ajabu na kuipanga upya, asubuhi na usiku, au anayesogeza dozi huku na huko ili kukikwepa kichwa, huenda akafanikiwa kukikwepa na papo hapo akapoteza kinga ya moyo aliyokuwa akiitafuta.

Kuacha ghafla ni hatari pia. Miongoni mwa wafanyakazi wale wa baruti walikuwapo waliobanwa na kifua, na hata kufa ghafla, baada ya siku moja au mbili za kuwa mbali na kiwanda. Mishipa iliyozoea kulegezwa ilikuwa imenyimwa kile ilichokizoea.

Hata hivyo, wanaotumia nitrati ni wachache wakilinganishwa na wanaomeza dawa za presha, na huko ndiko kichwa kinakoleta mkanganyiko mkubwa zaidi. Si dawa zote za presha zenye kosa hili. Zinazoongoza ni zile zinazotanua mishipa moja kwa moja: hidralazini, na nifedipini, ambayo watu wengi wanaijua kwa jina la Adalati.

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 58 aliyekutwa na presha ya 168/102 na kuandikiwa nifedipini ya miligramu 20, asubuhi na jioni. Siku ya pili anameza saa 1 asubuhi. Inapofika saa 3 uso unamwaka moto na kichwa kinamgonga. Jirani anamwangalia na kutoa hukumu: “Shoga, hiyo presha imepanda. Ongeza kidonge.” Anaongeza. Saa 6 mchana kichwa kimezidi, na akisimama anaona kizunguzungu. Kesho yake anaamua kwamba dawa hiyo haimfai, anaifungia kabatini. Wiki mbili baadaye anarudi kliniki akijisikia mzima kabisa, hana kichwa wala joto la uso, na mashine inasoma 174/104.

Kosa halikuwa la dawa peke yake. Saa 3 asubuhi ile, kama mama huyu angepimwa, kuna uwezekano mkubwa mashine ingeonyesha presha imeshuka, kwa sababu hiyo ndiyo saa ambayo nifedipini inakaribia kilele chake katika damu. Kichwa kilimwambia kwamba dawa inafanya kazi, yeye na jirani wakasikia kinyume. Na siku aliyojisikia mzima ndiyo siku presha yake ilipokuwa juu kuliko zote. Presha ya juu kwa kawaida haiumizi. Mtu anaweza kutembea na 170 kwa miaka bila kusikia lolote.

Hata madai kwamba dawa za presha kwa jumla zinaleta kichwa hayana nguvu. Uchambuzi wa majaribio 94 uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kuwa waliopewa dawa za presha waliumwa kichwa kwa theluthi moja pungufu kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Mbili kati yake, propranololi na kandesatani, hutumika hata kuzuia kipandauso. Kwa hiyo mama yetu anayo njia nyingine. Daktari anaweza kumpa amlodipini, ndugu wa nifedipini anayeingia kwenye damu taratibu na kwa kawaida kuumiza kichwa kidogo, au kumhamishia jamii nyingine kama losatani. Na kama vidonge vyake ni vile vilivyotengenezwa kuachia dawa polepole, aulizwe jambo moja: je, anavivunja au kuvitafuna? Kidonge cha namna hiyo kikisagwa kinamwaga mzigo wake wote kwa mkupuo, presha inaporomoka, kichwa kinalipuka.

Namna ya kukitambua kichwa cha dawa ni kutazama saa. Kilianza baada ya dawa mpya au dozi kuongezwa? Kinakuja muda uleule baada ya kumeza, kisha kinapungua kabla ya dozi inayofuata? Siku tatu nne za kuandika kwenye karatasi saa ya kumeza, saa kichwa kilipoanza na presha ilivyosoma wakati huo zinampa daktari kitu cha kufanyia kazi. Kichwa kinachomwamsha mtu alfajiri kabla hajameza chochote, au kinachokuja na homa, kina chanzo kingine. Na kile kinachopiga ghafla kwa ukali usio na mfano, au kinachoambatana na mdomo kupinda, mkono kulegea, maneno kuvurugika au macho kufifia, ni cha kukimbizwa hospitali, dawa au si dawa.

Cha kumeza dhidi ya maumivu hayo ni parasetamoli, vidonge 2 vya miligramu 500, kwa mtu mzima asiye na ugonjwa wa ini. Ile ya kuyeyusha kwenye maji ina chumvi nyingi, haimfai mwenye presha. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo duka la dawa la mtaani huzitoa bila maswali mengi, zinaweza kupandisha presha na kupunguza nguvu ya vidonge vyake, akajikuta anaongezewa dawa ileile inayomuumiza kichwa.

Liko jambo moja ambalo wanaume wengi hawalisemi mbele ya muuguzi. Sildenafili, dawa ya nguvu za kiume, hufanya kazi kwa kurefusha nguvu ya oksidi ya nitriki ileile, na yenyewe huumiza kichwa. Ikikutana na nitrati presha inaweza kuanguka hadi mtu akapoteza fahamu au maisha. Aliyemeza sildenafili hapewi nitrati ndani ya saa 24, na kwa tadalafili, inayokaa mwilini zaidi, ni saa 48. Akifikishwa hospitali na kifua kinachobana, hilo lazima alitaje kabla hajawekewa kidonge chini ya ulimi, hata kama mkewe amesimama pembeni.