Mashine ikifa Jumamosi, pesa ya nyingine iko wapi?

Wenye saluni na vinyozi, hii inawahusu. Kifaa hakifi siku uliyojipanga. Kinakufa Jumamosi, wateja wamejaa, unaishia kukopa.

Fanya hivi: chukua bei ya kifaa kipya leo, gawa kwa miezi ambayo huwa kinadumu kwako. Tuseme mashine ya kunyolea ni 90,000 na inakaa miezi 18: weka 5,000 kwa mwezi. Draya ya 360,000, miezi 36: weka 10,000. Viti viwili vya 480,000, miezi 48: weka 10,000. Jumla ni 25,000 kwa mwezi. Ukifungua siku 25, ni buku tu kwa siku.

Angalizo: kama draya yako imechoka na unaona imebakiza mwaka mmoja, usigawe kwa 36. Gawa kwa 12, yaani 30,000 kwa mwezi, la sivyo itakufa kabla pesa haijatimia.

Kunoa mashine au kushona kiti kilichochanika ni matengenezo. Hayo yatoe kwenye mauzo, usiguse mfuko huu. Uweke kwenye laini tofauti na ile ya biashara, na kila Januari ulizia bei dukani upigie hesabu upya.