Mbu Wengi Si Lazima Malaria Nyingi

Mkulima wa mpunga asiyepata usingizi kwa kelele za mbu hudhani kwamba kijiji chake ndicho chenye malaria kuliko vijiji vyote. Jirani yake akaaye mlimani kidogo, ambaye husikia mbu mmoja au wawili tu usiku, hujiona yu salama. Mara nyingi wote wawili wamekosea. Wataalamu wa wadudu hawaulizi tu mbu ni wangapi, bali huuliza neno lingine: mtu mmoja huumwa mara ngapi kwa mwaka na mbu ambaye tayari amebeba malaria mdomoni mwake? Hesabu hiyo hupatikana kwa kazi mbili, na kila moja ina taabu yake.

Kazi ya kwanza ni kuwakamata mbu. Mtu mzima aliyekubali kazi hiyo kwa hiari huketi kitini ndani ya nyumba, na mwenzake huketi nje, miguu ikiwa wazi hata magotini. Kazi huanza saa 12 jioni na kuendelea mpaka saa 12 asubuhi. Mbu akitua mguuni, mkamataji humwangaza kwa tochi na kumvuta kwa mrija wa kunyonyea kabla hajauma, kisha humtia katika kikombe kilichofunikwa kwa chandarua na kuandikwa saa ile. Kwa desturi hukamata kwa dakika 45, hupumzika dakika 15, na wakamataji hubadilishana mahali, kwa sababu watu wengine huvuta mbu kuliko wenzao, na wengine husinzia. Asubuhi mbu wa jamii ya Anofelesi hutengwa na wale wa kawaida wasioleta malaria. Idadi ya Anofelesi ikigawanywa kwa idadi ya wakamataji na usiku waliofanya kazi, hupatikana idadi ya mbu wanaomuuma mtu mmoja kwa usiku mmoja.

Kazi ya pili hufanywa mezani. Mbu hupasuliwa kwa sindano nyembamba, na tezi zake za mate hutazamwa kwa darubini. Zikiwa na vijidudu vyembamba kama nyuzi, viitwavyo sporozoiti, mbu huyo anaweza kumwambukiza mtu. Siku hizi maabara nyingi hukata kichwa na kifua cha mbu, huvisaga, na kuvipima kwa dawa inayotambua ngozi ya sporozoiti. Njia hii ni ya haraka, lakini huwahesabu pia mbu wengine ambao vijidudu vyao havijafika katika tezi za mate, na hivyo jibu lake laweza kuzidi kweli.

Yafaa kufahamu kwa nini mbu wenye sporozoiti huwa wachache. Mbu hazaliwi na malaria. Ni lazima kwanza amuume mtu mwenye vijidudu katika damu yake, kisha aishi siku 10 au zaidi, hata vijidudu vikomae na kufika katika tezi. Mbu wengi hufa kabla ya siku hizo kutimia, na anayekula damu ya ng'ombe hapati chochote cha kumwambukiza mtu.

Sasa na tutazame mfano wa vijiji viwili, uliotungwa ili kuonyesha hesabu. Katika kila kijiji wakamataji wawili wamefanya kazi usiku mbili kila mwezi kwa mwaka mzima, yaani jumla ya usiku 48 za mtu mmoja. Katika kijiji cha mpunga wamekamata Anofelesi 1,440, yaani mbu 30 kwa usiku. Wote wamepimwa, na watatu tu wakaonekana na sporozoiti. Katika kijiji cha mlimani wamekamata 240, yaani mbu 5 kwa usiku, lakini 12 kati yao walikuwa na sporozoiti.

Zidisha mbu wa usiku mmoja kwa sehemu iliyo na sporozoiti. Kwa mpunga, 30 mara 3 kwa 1,440 ni 0.0625, maana yake mtu huumwa na mbu mwenye malaria mara moja katika usiku 16, au mara 23 hivi kwa mwaka. Kwa mlimani, 5 mara 12 kwa 240 ni 0.25, yaani mara moja katika kila usiku nne, au mara 91 kwa mwaka. Katika kijiji chenye mbu mara sita, mtu huumwa na mbu wenye malaria robo tu ya mara za jirani.

Mambo ya namna hii yameonekana kweli. Katika Mwea, watafiti waliona kwamba mbu wengi wa mashamba ya mpunga hula damu ya ng'ombe. Karibu na Moshi, nchini Tanzania, kijiji cha mpunga kilionekana kuwa na mbu wengi zaidi na malaria kidogo kuliko kijiji kisicho na mpunga. Kwa upande mwingine, huko Kisian na Saradidi, magharibi ya Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 1990 ulikuta watu wakiumwa na mbu wenye sporozoiti zaidi ya mara 200 kwa mwaka.

Hata hivyo hesabu hii ina udhaifu, na mwenye kuisoma hana budi kuujua. Rudi katika kijiji cha mpunga. Kama mkamataji angalimpata mbu mmoja zaidi mwenye sporozoiti, watatu wangalikuwa wanne, na mara 23 zingaliruka hata 30. Mbu mmoja amebadili jibu la mwaka mzima. Mahali penye malaria kidogo, hata mbu mia wakipimwa bila kupata mwenye sporozoiti, haithibitishi kwamba hawapo. Huenda watatu katika kila mia wanao. Tena mkamataji hukesha miguu wazi, hali wenye nyumba wamelala ndani ya chandarua. Kwa hiyo anapima hatari ya mahali, si ya kila mtu.

Pia kazi yenyewe ina hatari, na kwa sababu hiyo wakamataji hupewa dawa ya kuzuia malaria. Utafiti wa magharibi ya Kenya uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba wakamataji waliomeza dawa hiyo walipata malaria kidogo sana kuliko watu wasiofanya kazi hiyo wala kuimeza.

Limebaki jambo moja ambalo huwashangaza wengi. Mtu angefikiri kwamba kuumwa mara 91 kukishuka kuwa 23, wagonjwa nao watapungua kuwa robo. Sivyo. Vijidudu vya mbu mmoja, visipotibiwa, vyaweza kukaa katika damu kwa miezi mingi, na mara 23 zatosha kumjaza mtoto mwaka mzima. Hesabu za mahali 31 katika Afrika, zilizochapishwa mwaka 1999, zilionyesha kwamba popote ilipozidi mara 15 kwa mwaka, nusu ya watu waliopimwa au zaidi walikuwa na vijidudu. Na ili wapungue sana, yapasa ishuke chini ya mara moja kwa mwaka. Na katika wilaya ya Kilifi ilionekana kwamba hata kiasi kidogo cha kuumwa kilitosha kuwaleta watoto hospitalini wakiwa mahututi. Basi mkulima wa mpunga aliye na 23 amemshinda jirani yake kwa hesabu, lakini watoto wa wote wawili wangali wanalala hatarini.