Kutoka Dunia Hadi Tunduma: Pengo la Utafiti Lionekane Wapi

Utangulizi wa tafiti nyingi kuhusu sepsisi ya vichanga huanza vizuri, kisha humwangusha msomaji. Aya ya kwanza hutaja mamilioni ya dunia, ya pili Afrika, halafu ghafla mwandishi anasema: "Hakuna utafiti uliofanyika Songwe, hivyo tunafanya huu." Msimamizi akiuliza kwa nini Songwe ihitaji utafiti wake, jibu halimo kwenye karatasi.

Tumchukue mtafiti anayetaka kuchunguza vichanga wanaolazwa katika hospitali ya Tunduma. Kwa upande wa dunia anahitaji takwimu mbili tu. Mwaka 2022 takriban watoto milioni 2.3 walifariki kabla ya kutimiza siku 28. Na mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2021 yalikadiria wagonjwa 2,824 wa sepsisi kwa kila vichanga 100,000 wanaozaliwa hai, na kati ya wagonjwa hao asilimia 17.6 hufa. Kwa lugha rahisi, ni kama vichanga 28 katika kila 1,000, na karibu mmoja kati ya sita wanaougua hupotea. Mwandishi makini ataongeza jambo ambalo wengi huliruka: kadirio hilo lilitokana na tafiti 26 za nchi 14 pekee. Hapo ndipo namba ya dunia inapoanza kuelekea nyumbani, kwa sababu yenyewe inakiri kwamba sehemu kubwa ya dunia haikupimwa.

Kwa Tanzania, utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2022 ulikuta vifo 24 vya vichanga kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, wakati shabaha ya mwaka 2030 ni 12. Sentensi moja yatosha.

Aya inayobeba uzito ni ile ya yanayojulikana tayari. Bugando, Mwanza, ilichunguza vichanga 300 waliokuwa na dalili za sepsisi. Damu ya 149 kati yao, karibu nusu, iliota bakteria. Muhimbili, Dar es Salaam, ilichunguza 330, na damu ya 74 tu, asilimia 22.4, ndiyo iliyoota. Tofauti hiyo isifichwe, kwani huenda inatokana na umri wa watoto, dawa walizokwishapewa au jinsi damu ilivyochukuliwa. Ila hospitali zote mbili zina kitu kimoja: ni za rufaa, zenye maabara ya kuotesha damu.

Sasa pengo linaonekana lenyewe. Tunduma ni mji wa mpaka, ukitazamana na Nakonde ya Zambia, ndani ya mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Inawezekana kichanga akafika hospitali baada ya kuzaliwa nyumbani au zahanati, akiwa amepewa antibayotiki njiani, na akatibiwa kwa dalili: kutonyonya, kupumua haraka, joto kupanda au kushuka, degedege. Maneno "inawezekana" yabaki mpaka daftari la wodi liyathibitishe. Pengo si kwamba mkoa haujaandikwa. Pengo ni kwamba matokeo ya mtoto aliyeoteshwa damu Muhimbili hayatuambii nini kinampata mtoto anayetibiwa kwa dalili pekee. Na kabla ya kuandika "hatukupata utafiti", tafuta kwanza, kisha taja ulipotafuta na tarehe. Sentensi hiyo ni dai, na dai linaweza kukanushwa.

Wengi huharibu hapa. Wakishaeleza pengo, huandika lengo la kubaini bakteria na usugu wao dhidi ya dawa, wakati mahali pao pa utafiti hapaoteshi damu. Lengo linalolingana na pengo letu lingesomeka hivi: "Kukadiria uwiano wa vichanga waliolazwa kwa dalili za sepsisi katika hospitali ya Tunduma, kati ya Januari na Desemba, ambao walifariki kabla ya kuruhusiwa, na kuchunguza kama kuzaliwa nje ya hospitali hiyo au kupewa antibayotiki kabla ya kufika kunahusiana na kifo." Mwaka utajazwa na mtafiti.

Lipime kwa kalamu. Kila neno la lengo liwe na safu yake kwenye fomu ya kukusanyia taarifa: mahali alipozaliwa, dawa kabla ya kufika, tarehe ya kulazwa, matokeo. Kama daftari haliandiki dawa alizopewa mtoto kabla ya kufika, swali hilo haliwezi kujibiwa kwa kumbukumbu za nyuma. Ama mama aulizwe siku ya kulazwa, ama sehemu hiyo iondolewe. Angalia pia neno "kunahusiana": daftari haliwezi kuthibitisha kwamba kuzaliwa nyumbani ndiko kulikoua.

Basi andika lengo kwanza, ulipeleke wodini ukalilinganishe na daftari, ndipo urudi kuandika aya ya dunia.