Kayna: Ujumbe mrefu wa chanjo, sentensi mbili, na tarehe isiyopotea

Katika Kayna, wilaya ya Lubero, jimbo la Kivu ya Kaskazini, habari za mikutano, za masomo na za chanjo hupita kwanza kwenye simu. Mtu mmoja anaandika, kumi wanapokea, na kila mmoja wa hao kumi anawapelekea wengine. Anayeandika mara nyingi anaandika jinsi anavyosema: anaanza na salamu, anaomba radhi, anakumbuka jambo, anajisahihisha, halafu anaongeza lile alilosahau. Msomaji anabaki kujiuliza: sasa ni siku gani, na mimi nifanye nini?

Ujumbe ufuatao ni wa mfano, lakini wasomaji wengi watautambua. Muuguzi mkuu wa kituo cha afya anawaandikia wajumbe wa afya wa mitaa. Ni Jumatatu tarehe 9 Juni, magaribi.

“Jambo wapenzi wajumbe, natumaini mko wazima pamoja na jamaa. Ile chanjo ya surua tulisema siku ya ine, lakini friji ilisumbua, dawa itatufikia siku ya ine yenyewe jioni, basi hatutaweza. Tutafanya siku ya tano hapa kituoni, tunaanza saa 8. Musisahau kupita nyumba kwa nyumba, kesho ao keshokutwa lakini isipite keshokutwa, muandike watoto wa miezi tisa na kuendelea ambao hawajachanjwa. Orodha muniletee mbele ya saa kumi. Wamama waje na karatasi ya mtoto. Ah, nilisahau, ile saa ni ya wamama, ninyi mufike saa moja tupange viti. Mwisho ni saa sita, nikifungua chupa siwezi kungoja watu hadi jioni. Mungu awabariki.”

Hakuna uongo ndani yake, na hakuna kitu kikubwa kinachokosekana. Lakini siku ya chanjo inatajwa mara moja tu, katikati, baada ya siku iliyofutwa kutajwa mara mbili. Msomaji wa haraka atashika siku ya ine.

Saa nayo si jambo dogo hapa. Chanjo ya surua, ambayo nchini Kongo mtoto hupewa akiwa na miezi 9, hufika ikiwa unga mkavu ndani ya chupa. Muuguzi anauchanganya na maji yake maalumu, na tangu hapo chupa yenye dozi nyingi haipaswi kupita saa 6. Haina dawa ya kuzuia vijidudu, kwa hiyo vikiingia vinaweza kuzaana ndani na kumdhuru mtoto. Kilichobaki hutupwa, hata kama ni dozi za watoto wengi. Ndiyo sababu muuguzi anataka wamama waje pamoja, siku moja, kwa saa zilizotajwa.

Sasa tazama ile “saa 8”. Anayehesabu kwa Kifaransa anasoma 8h00 asubuhi, yaani saa mbili. Anayehesabu kwa Kiswahili anasoma saa nane, yaani 14h00. Kati ya hizo mbili kuna saa 6 kamili, sawa na maisha yote ya chupa iliyofunguliwa. Mama aliyesoma kwa njia ya pili atafika na mtoto mgongoni wakati dawa iliyofunguliwa asubuhi inatakiwa kuwa imekwisha kutupwa.

Kufupisha ujumbe kama huu hakuanzi na kufuta maneno. Kunaanza na kalamu na kipande cha karatasi. Mtu anasoma polepole na kuandika pembeni vitu vitatu tu: kila siku iliyotajwa, kila saa, na kila tendo pamoja na mtu anayepaswa kulifanya. Sentensi zitakuja baadaye.

Kwanza siku. Ujumbe ulitumwa Jumatatu tarehe 9, basi “kesho” ni Jumanne tarehe 10 na “keshokutwa” ni Jumatano tarehe 11. Ni lazima maneno hayo yageuzwe kuwa tarehe, kwa sababu ujumbe wa Watsapu ukipelekwa kwa mtu mwingine unachukua saa mpya ya kutumwa. Aliyeupokea Jumanne asubuhi hawezi kujua kwamba uliandikwa jana yake, na kwake “kesho” imekwisha kusogea siku moja.

Majina ya siku yana mtego wake. Wakaaji wengi wa Kivu wanahesabu kuanzia siku ya kwanza ya kazi: siku ya kwanza ni Jumatatu, siku ya tatu ni Jumatano, siku ya tano ni Ijumaa. Kiswahili cha vitabu nacho kinahesabu kuanzia Jumamosi, na ndiyo maana Jumatatu ina “tatu” ndani yake. Mtu aliyesoma kwa njia moja na mwenzake aliyezoea nyingine wanaweza kukubaliana kabisa kuhusu “siku ya tatu” na wakafika siku mbili tofauti. Kwa hiyo siku ya ine inaandikwa Alhamisi tarehe 12, siku ya tano inaandikwa Ijumaa tarehe 13, na hakuna ubaya kuacha jina la nyumbani kando yake.

Kisha saa. Zipo ine: saa moja, “saa 8”, saa sita na saa kumi. Ile ya pili, kwa kuwa wajumbe wanafika saa moja kupanga viti na kazi inaisha saa sita, haiwezi kuwa 14h00. Ni saa mbili asubuhi. Hapo ujumbe wenyewe umetoa jibu. Kila saa inaandikwa kwa maneno ya Kiswahili pamoja na tarakimu za Kifaransa, ili msomaji wa kila upande apate yake.

Lakini saa kumi ina swali ambalo ujumbe haujibu: orodha iletwe mbele ya saa kumi ya siku gani? Jumanne? Jumatano? Hata Alhamisi inawezekana. Hapa ndipo wafupishaji wengi wanakosea, kwa sababu wanachagua siku wanayoona inafaa na kuiandika kana kwamba muuguzi aliisema. Dawa yake ni kupiga simu ya dakika moja. Tuseme muuguzi anajibu: ni Jumatano. Sasa inaandikwa.

Mwishoni matendo. Wamama wana moja: kuja na mtoto na karatasi yake ya chanjo. Wajumbe wana manne: kupita nyumba kwa nyumba, kuandika watoto, kuleta orodha, kufika mapema kupanga viti. Mgawanyo huo ndio unaotoa sentensi mbili. Ya kwanza inasema tukio lenyewe na kinachowahusu wamama, ya pili inasema kazi za wajumbe zikifuatana kwa tarehe:

“Chanjo ya surua haitafanyika tena Alhamisi (siku ya ine) tarehe 12 Juni, kwa kuwa dawa itafika jioni ya siku hiyo, itafanyika kituoni Ijumaa (siku ya tano) tarehe 13 Juni, kuanzia saa mbili asubuhi (8h00) hadi saa sita mchana (12h00), na kila mama aje na mtoto wake na karatasi yake ya chanjo. Wajumbe wa afya wapite nyumba kwa nyumba Jumanne tarehe 10 ao Jumatano tarehe 11 Juni waandike watoto wa miezi 9 na kuendelea ambao hawajachanjwa, walete orodha kwa muuguzi Jumatano tarehe 11 mbele ya saa kumi alasiri (16h00), na wafike kituoni Ijumaa tarehe 13 saa moja asubuhi (7h00) kupanga viti.”

Ni sentensi ndefu, ndiyo. Mtu angeweza kuandika fupi zaidi: “Chanjo ni siku ya tano saa 8. Wajumbe waandike watoto na wafike mapema.” Inasomeka vizuri, na ni mbovu. Imepoteza saa ya kufunga, siku ya orodha, karatasi ya mtoto, na haimwambii yeyote kwamba Alhamisi imefutwa. Tarehe iliyofutwa haiwezi kuachwa kimya, kwa sababu tayari iko kichwani mwa watu. Anayesikia Ijumaa peke yake anaweza kufikiri kuna chanjo mbili.

Friji, salamu na baraka vimeondoka, na hakuna atakayekosa njia kwa ajili hiyo. Kuchelewa kwa dawa kumebaki. Chanjo ikihamishwa bila sababu, uvumi unajaza nafasi hiyo haraka, na maneno manane ni bei ndogo.

Kabla ya kutuma, mtu anarudi kwenye karatasi yake na kuhesabu. Tarehe ine ziliingia: 10, 11, 12 na 13. Je, zote ine zimetoka? Saa ine? Matendo matano? Hesabu ikipungua, kitu kimeanguka. Ikizidi, kuna kitu kimebuniwa. Baada ya hapo, asome kwa sauti kwa mtu ambaye hakuona ujumbe wa kwanza, kisha amuulize arudilie. Jaribio hilo lina maana ya pekee huko Kayna, ambako anayesoma Kiswahili kwenye simu mara nyingi anamtafsiria bibi yake kwa Kinande. “Keshokutwa ya ile siku aliyosema” inaharibika njiani. Ijumaa tarehe 13 inafika nzima.

Kuna ujumbe usioingia katika simu ndogo. SMS moja ina nafasi ya herufi 160, na hata sentensi ya kwanza peke yake inazidi hapo. Basi sentensi hizo zitumwe kama ujumbe mbili, ya kwanza kwa wamama na ya pili kwa wajumbe. Kukata tarehe ili kubana nafasi ni kukata kile kilichofanya ujumbe uandikwe. Na kama saa imetoka mbali, ni lazima itajwe ni ya wapi: Kinshasa iko nyuma ya Butembo, Beni na Kayna kwa saa 1, na Uganda, ng’ambo ya mpaka wa Kasindi, iko mbele kwa saa 1.

Ikiwa Jumatano jioni muuguzi atabadilisha tena, asiandike “tumesogeza mbele kidogo”. Sentensi zote mbili zitumwe upya, zikianza na neno “haitafanyika tena” na tarehe 13 Juni, ili aliyepokea ujumbe wa Jumatatu na yule wa Jumatano ajue upi umekufa.