Fahamu: Umweleze nini mtaalamu wa ngozi kabla hajakupangia vipodozi

Kusema “ngozi yangu ni ya mafuta, nina madoa” hakutoshi. Anza na krimu ulizowahi kupaka, hata kama ni mkorogo unaouonea haya. Krimu nyingi za kung’arisha huwa na steroidi kama klobetasoli. Ukiziacha ghafla baada ya miezi, uso huweza kuwaka, kuiva na kutoa vipele, na asiyejua historia hiyo atadhani ni chunusi za kawaida. Mpelekee makopo yenyewe.

Chukua mfano wa muuza mboga mwenye madoa ya chunusi. Akieleza kwamba hushinda juani, kinga ya jua itatangulia, maana bila hiyo madoa huzidi kukolea. Akitaja kwamba ana shilingi 30,000 tu, seramu itasubiri. Kama ni mjamzito aseme, kwani retinoidi hazimfai.

Kuhusu madhara ya zamani, taja ulichopaka, mahali, na muda uliopita kabla hujadhurika. Mchomo wa dakika chache mara nyingi ni ukali wa dawa. Muwasho na uvimbe unaojitokeza siku moja au mbili baadaye huashiria mzio, na kiambato hicho hupaswi kukirudia.