Randi 150 kwa kila 100: hesabu ya kodi ya kiwanda kidogo Afrika Kusini

Kiwanda kidogo cha pampu za kumwagilia huko Germiston, mashariki mwa Johannesburg, kinataka kutengeneza feni ya pampu isiyoliwa na maji ya chumvi. Hakuna anayejua ni mchanganyiko gani wa plastiki utakaodumu. Mwaka mzima unapita kwenye majaribio: mishahara ya mhandisi na fundi wake, malighafi, vipande vinavyovunjwa makusudi, na malipo ya maabara. Jumla ni randi 800,000.

Kiwanda hiki ni cha mfano, lakini sheria ni ya kweli. Kifungu cha 11D cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya Afrika Kusini kinairuhusu kampuni kukata randi 150 kwenye mapato yake kwa kila randi 100 iliyotumia katika utafiti uliofanyika nchini humo. Tanzania nayo inaruhusu gharama za utafiti na maendeleo kukatwa, lakini kwa kiasi kilichotumika tu, bila nyongeza.

Wengi wanapofika kwenye hesabu huteleza. Asilimia 150 ya 800,000 ni 1,200,000. Wakiizidisha kwa kodi ya kampuni ya asilimia 27, wanapata 324,000 na kusema hiyo ndiyo faida waliyopewa na kifungu. Sivyo. Randi 800,000 za kwanza zingekatwa hata bila nafuu hii, kama mishahara na malighafi nyingine yoyote. Kilichoongezwa na sheria ni ile nusu ya juu, yaani 400,000.

Tuseme faida ya kiwanda kabla ya kutoa gharama za utafiti ni randi 2,400,000. Kwa utaratibu wa kawaida, mapato yanayotozwa kodi yangebaki 1,600,000, na kodi ingekuwa 432,000. Nyongeza inayashusha hadi 1,200,000, na kodi inakuwa 324,000. Kodi ya ziada iliyookolewa ni randi 108,000, sawa na senti 13.5 kwa kila randi ya utafiti.

Kwa kiwanda kidogo zaidi, hesabu hubadilika. Kampuni ambayo mauzo yake hayazidi randi milioni 20 kwa mwaka na ambayo wanahisa wake wote ni watu binafsi inaweza, ikitimiza masharti mengine, kutozwa kodi kwa ngazi. Kwa mwaka ulioishia Februari 2025, randi 95,750 za kwanza hazikutozwa kitu. Kutoka hapo hadi 365,000 kiwango kilikuwa asilimia 7, kisha asilimia 21 hadi 550,000, na asilimia 27 kwa kinachozidi.

Mapato ya kampuni kama hiyo, baada ya gharama zote za kawaida, yakiwa 700,000, kodi yake ni 98,198. Nyongeza ileile ya 400,000 ikiingia, mapato yanashuka hadi 300,000 na kodi inabaki 14,298. Akiba ni randi 83,900. Upungufu ukilinganishwa na ile 108,000 unatokana na ngazi zenyewe: sehemu ya nyongeza inafuta mapato ambayo yangetozwa asilimia 21 au 7 tu. Na kama mapato yangekuwa 300,000 tangu mwanzo, akiba ya mwaka huo isingezidi 14,298. Nyongeza iliyobaki ingegeuka hasara ya kusogezwa mwaka unaofuata. Serikali hairudishi fedha taslimu.

Akiba hiyo yote inasubiri idhini ya Idara ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu. Tangu Januari 2024, gharama zilizofanyika hadi miezi sita kabla ya ombi kupokelewa zinaweza kuhesabiwa. Kiwanda cha Germiston kikianza majaribio Machi na kuwasilisha ombi tarehe 1 Desemba, matumizi ya Machi, Aprili na Mei hayapati nyongeza. Kama fedha zilitumika sawasawa kila mwezi, hizo ni randi 200,000. Nyongeza iliyopotea ni 100,000, na kodi inayolipwa bila sababu ni 27,000.

Idara huuliza pia kama kulikuwa na swali la kisayansi au kiteknolojia ambalo mtaalamu wa fani hiyo asingeweza kulijibu kwa urahisi. Kupima pampu zinazotoka kiwandani kila siku ili kuhakikisha ubora si utafiti, wala kuchunguza soko. Gharama za utawala hazipati nyongeza, na mashine zina utaratibu wake wa kukatwa. Kwa hiyo mhandisi anayegawa siku zake kati ya majaribio na uzalishaji anahitaji daftari la saa linalojazwa kazi inapofanyika, kwa sababu ni sehemu ya mshahara inayohusu majaribio peke yake ndiyo inayoingia kwenye zile 800,000.

Kifungu hiki kimeongezewa muda hadi tarehe 31 Desemba 2033.